Nukta ya Mtwara, mkato wa ng'ambo ya Ruvuma: kuandika namba katika makala ya korosho

Kwa muda sasa nimekuwa nikiwasomea watafiti wa huku Mtwara rasimu za makala zao kabla hazijaenda kwenye majarida. Nyingi ni za korosho, na nyingi zinarudishwa na wahariri kwa sababu ya namba ambazo kila ukurasa unaziandika kivyake, hata pale utafiti wenyewe ulipo mzuri. Jambo linalowasumbua wengi ni alama ya desimali, na huku kusini lina sababu yake.

Sisi tumefundishwa shuleni kuandika saba na robo kama 7.25, na elfu moja na ishirini na tano kama 1,025. Wenzetu wa Msumbiji, kwa kufuata Kireno, wanaandika 7,25. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 2003 ulikubali zote mbili, nukta na mkato, kuwa alama halali za desimali. Kwa hiyo hakuna aliyekosea. Tatizo linaanza pale data za mashamba ya Tandahimba na za Cabo Delgado zinapowekwa kwenye jedwali moja.

Chukua mavuno ya miti mitano, kwa kilo, yaliyotumwa na mwandishi mwenza wa ng'ambo: 7,250; 5,4; 6,15; 8,125; 4,9. Ukiyabandika kwenye Excel iliyopangwa kwa Kiingereza, 7,250 inageuka elfu saba mia mbili na hamsini, na 8,125 inageuka elfu nane mia moja ishirini na tano. Hizo tatu zilizobaki programu haizielewi, inaziacha kama maandishi. Ukiita AVERAGE, inaruka maandishi na kukupa wastani wa hizo mbili tu: 7687.5. Wastani wa kweli ni kilo 6.365. Hapo kosa linapiga kelele, utaliona. Lakini kwenye safu yenye mistari mia nne, namba zikiwa nyingi zimeandikwa kwa desimali mbili, unaweza kupoteza nusu ya miti bila kujua, kwa kuwa hesabu inaendelea kimya kimya na zile zilizobaki.

Dalili mbili za kutazama. Ya kwanza, namba halisi hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na maandishi hukaa kushoto, ila kama mtu ameshapanga safu kwa mkono. Ya pili, linganisha COUNT na COUNTA za safu hiyo: ya kwanza huhesabu namba peke yake, ya pili huhesabu kila kisanduku chenye kitu. Zikitofautiana, kuna kitu kimesomwa vibaya (usihesabu kichwa cha safu). Kisha tazama namba kubwa kuliko zote. Mti wa kilo elfu nane haujaota bado.

Dawa yenyewe ni kuomba faili la CSV na kulifungua kwa amri inayojua mkato. Kompyuta ya Kireno hutenganisha safu kwa nukta mkato, na R ina amri ya hali hiyo hasa:

```
mavuno <- read.csv2("cabo_delgado.csv")
str(mavuno)
```

`read.csv2` inachukulia `;` kuwa kitenganishi cha safu na `,` kuwa desimali. `str` itakuonyesha kama safu ya mavuno imeingia kama `num`. Ikisema `chr`, usisonge mbele.

Data zikishakuwa safi, waandishi wote wachague mtindo mmoja na kuuandika juu kabisa ya rasimu, kabla ya sentensi ya kwanza. Ninaoupendekeza mimi kwa makala ya Kiingereza yenye ikisiri ya Kiswahili ni huu: nukta kwa desimali, na nafasi ndogo kwa maelfu, yaani 12 500. Namba ya tarakimu nne inaweza kubaki 1025 bila nafasi. Mkato ukitoka kabisa ndani ya namba, msomaji wa Mtwara na wa Pemba ya Msumbiji wanasoma kitu kimoja. Huo ndio uzuri wake, na utaratibu wa nafasi ni wa tangu 1948. Jarida likiwa na mwongozo wake, fuata wa jarida, hata kama huupendi.

Vipimo vina kanuni fupi. Weka nafasi kati ya namba na kipimo: 250 g. Nimeona salfa ya mti mmoja ikiandikwa 250g, 250 gm na 250 Grams ndani ya makala moja. Alama ya kilo ni kg, kwa herufi ndogo, haina wingi wala nukta. Kama umeanza na kg/ha, usije ukaandika kg kwa ekari kwenye majadiliano.

Kipimo cha biashara kinataka uangalifu zaidi. Ubora wa korosho ghafi sokoni hutajwa kwa ratili za kiini zinazopatikana katika gunia la kilo 80. Nje ya biashara ya korosho, wengi hawakielewi. Ratili 48 ni kilo 21.77, na ukigawa kwa 80 unapata asilimia 27.2. Taja vyote viwili mara ya kwanza, kisha endelea na kimoja. Usiandike 27.216: ratili moja peke yake ni zaidi ya nusu ya asilimia, kwa hiyo desimali tatu zinadai usahihi ambao mizani haikuwa nao.

Hilo ndilo ninaloliangalia kwenye majedwali pia. Anza na kosa sanifu, liache na tarakimu moja au mbili zenye maana, kisha wastani ufuate desimali zake. Kama kosa ni 0.42, wastani ni 6.37, si 6.365 wala 6.4. Na sifuri ya mwisho isidondoke: 6.30 ± 0.42. Excel huifuta usipoipangia idadi ya desimali.

Sasa asilimia, mahali ambapo mtindo unagusa maana. Tuseme unyevu wa korosho kabla ya kuanikwa ulikuwa asilimia 10.2, na baadaye 8.1. Mwandishi mmoja aliandika kwenye ikisiri kwamba umepungua kwa asilimia 2.1, na kwenye majadiliano kwa asilimia 20.6. Hesabu zote mbili zina msingi: 2.1 ni tofauti ya pointi za asilimia, na 20.6 ni sehemu ya unyevu wa mwanzo iliyopotea. Kwa kipimo ambacho chenyewe ni asilimia, mimi hushauri pointi za asilimia, na thamani za mwanzo na mwisho zitajwe palepale.

Kwenye Kiswahili andika "asilimia 8.1" ndani ya sentensi, na alama ndani ya jedwali. Kwenye Kiingereza mfumo wa SI unaweka nafasi, 8.1 %, ingawa majarida mengi huandika 8.1%. Ukiweka nafasi, bonyeza Ctrl+Shift+Space ili alama isihamie mstari unaofuata peke yake.

Siku ya mwisho, fungua dirisha la kutafuta la Word, washa Use wildcards, na tafuta hizi moja moja:

```
[0-9],[0-9]
[0-9]%
[0-9]kg
```

Ya kwanza inakamata mikato iliyobaki, pamoja na marejeo ya aina ya "2015,2018" ambayo utayaruka. Usibadilishe yote kwa mkupuo. Vichwa vya grafu vilivyobandikwa kama picha havitafutiki, hivyo virudie kwa macho, kwa sababu huko ndiko 7,25 ya mwisho hubaki.