Kizunguzungu cha kugeuka kitandani
"Wakuu, nipo Kizota, Dodoma. Nikigeukia kulia kitandani chumba kinazunguka kama nusu dakika, kisha kinatulia. Presha iko sawa. Ni nini?"

Pole dada. Hiyo inafanana sana na vijiwe vya sikio. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe za chokaa zinazotusaidia kuhisi mwinamo wa kichwa. Zikibanduka, huweza kuingia kwenye mfereji wenye majimaji unaohisi mzunguko. Ukigeuka zinateremka, zinasukuma majimaji, na ubongo unadanganyika kwamba unazunguka. Zikitua, kizunguzungu kinakoma.

Mama yangu, huko Mpwapwa, alipatwa na hali kama hiyo akamezeshwa dawa za malaria bila hata kupimwa! Kilichomsaidia ni kugeuzwa kichwa. Alikaa kitandani, uso ukaelekezwa kulia, nusu ya njia hadi begani, akalazwa chali upesi kichwa kikining'inia kidogo. Wakasubiri dakika moja. Kichwa kikageuzwa kushoto vivyo hivyo, dakika nyingine, kisha akalalia ubavu wa kushoto pua ikitazama sakafu, halafu akainuliwa. Kizunguzungu kilimpata katikati ya zoezi, ni kawaida.

Mara ya kwanza afanye mtaalamu, hasa kama shingo inakusumbua. Ila kizunguzungu kikiendelea hata ukitulia, au ulimi ukiwa mzito, wahi hospitali.