Baba wa bwana harusi akaribishe vipi wakwe?

"Mwanangu anaoa Jumamosi hapa Jinja, wakwe ni Waganda. Nikiwakaribisha, nianze na mahari tuliyotoa?"

Mzee, mahari iache. Hayo yaliisha kwenye kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kwao binti, tena siku ile msemaji ndiye aliyewasemea. Safari hii mwenyeji ni wewe, na dakika tatu zinatosha. Wasalimu kwa Kiganda hata kama matamshi yatapinda. Anza na wazazi wa binti, kisha umtaje senga wake, yaani shangazi yake, kabla ya wageni wengine. Akisahaulika, meza nzima itanuna. Halafu mgeukie bibi harusi mwenyewe: "Mwanangu, hapa ni kwenu. Nanyi wakwe zangu, kwetu msibishe hodi, ingieni tu." Mbunge na wachangiaji mwachie mshereheshaji.