Rejista ya vihatarishi ya kuhamisha ofisi: nianzie wapi?

Swali: Mimi ni ofisa utawala wa kampuni ya watu 40 hapa Dar. Tunahama kutoka Posta kwenda Mikocheni. Mkataba wa pango unaisha Jumatano tarehe 30 Septemba, na tumepanga kuhamisha vitu Jumamosi na Jumapili, tarehe 26 na 27. Sasa ni katikati ya Julai na bosi ameniagiza rejista ya vihatarishi. Nimepata mfano wenye safu 18, nikaandika "intaneti", "umeme", "wizi" na "gharama", kisha nikakwama. Naomba mwongozo.

Jibu: Weka pembeni huo mfano wa safu 18, kwanza tutazame tarehe zako. Vitu vikishatoka Jumapili, mnabakiwa na Jumatatu, Jumanne na Jumatano kung'oa patisheni, kuziba matundu ya skrubu, kupaka rangi na kukabidhi funguo. Siku hizohizo watu 40 wanakutafuta Mikocheni kwa sababu simu ya mezani haiiti na printa haionekani. Lori likiharibika Jumamosi, hakuna wikiendi nyingine kabla ya mkataba kuisha. Hicho ndicho kihatarishi chako namba 1, na hakimo kwenye orodha yako kwa sababu uliandika vitu badala ya kuandika matukio.

"Intaneti" ni kitu. Kihatarishi kina sehemu tatu: hali iliyopo leo, jambo linaloweza kutokea kwa sababu ya hali hiyo, na kitakachoharibika likitokea. Viandike vyote vitatu katika sentensi moja. Kwa mfano: "Kwa kuwa jengo jipya halina faiba ya mtoa huduma wetu, na waya hauwezi kupita bila kibali cha mwenye jengo, laini inaweza isiwe hewani kufikia Jumatatu tarehe 28 Septemba, na uhasibu na mauzo wakashindwa kufanya kazi." Sehemu ya kwanza inakuonyesha pa kupunguzia uwezekano, na ya mwisho inakuonyesha unachopaswa kukilinda mambo yakiharibika. Ukiwa na neno "intaneti" tu, hatua utakayoandika mbele yake itakuwa "kufuatilia", na kufuatilia hakumwambii mtu afanye nini Jumanne asubuhi.

Kuna mambo mengine hayapaswi kuingia kabisa. Jambo ambalo lazima litokee ni kazi, na nafasi yake ni kwenye ratiba. Kupeleka anwani mpya TRA na BRELA, kushughulikia leseni ya biashara na mashine ya EFD, kuwaarifu wateja na benki, hizo zote ni kazi. Jambo ambalo limeshatokea ni tatizo, nalo linatatuliwa leo. Rejista ibaki na yale ambayo huna uhakika nayo. Ukichuja hivyo, kwa kuhama kwa ukubwa wenu nategemea ubaki na vihatarishi kati ya 10 na 15. Vikizidi hapo, kwa kawaida kuna kazi zimejificha ndani yake.

Kwa safu, 11 zinatosha: namba, sentensi ya kihatarishi, mmiliki, uwezekano, athari, alama, hatua, tarehe ya hatua, siku zilizobaki, dalili na mpango mbadala, na hali. Mmiliki awe mtu mmoja kwa jina. Ukiandika "idara ya TEHAMA", siku ya kuulizwa kila mmoja atamtazama mwenzake.

Alama nashauri ziwe 1 hadi 3, siyo 1 hadi 5. Watu wakikaa mezani hubishana nusu saa kama jambo ni 3 au 4, na jibu halibadilishi chochote. Muhimu ni kuandika maana ya kila namba juu ya jedwali kabla ya kuanza kutoa alama. Kwenu ningeweka hivi: athari 1 ni kazi kusimama chini ya nusu siku, 2 ni kusimama hadi siku nzima, 3 ni zaidi ya siku moja, au kupoteza kitu kisichorudishika. Kama rejista iko Excel, uwezekano upo safu ya D, athari E na tarehe ya hatua H, fomula ni hizi:

```
=D2*E2
=H2-TODAY()
```

Ya kwanza ni alama, ya pili ni siku zilizobaki; ya pili ikikuonyesha tarehe, badilisha seli iwe ya namba. Lakini usipange jedwali kwa alama peke yake. Vumbi kwenye ofisi mpya lina uwezekano 3 na athari 1, alama 3. Kupotea kwa mafaili ya wafanyakazi kuna uwezekano 1 na athari 3, alama 3 vilevile. Hayo mawili hayalingani hata kidogo. Panga kwanza kwa athari, ndipo upange kwa alama, ili yasiyorudishika yakae juu siku zote.

Sasa tuichukue intaneti tuifuate mpaka mwisho, kwa sababu hapo ndipo uhamaji mwingi wa ofisi unapokwama. Hesabu kwa kurudi nyuma. Watu wanaanza kazi tarehe 28 Septemba, na unataka wiki moja ya kujaribu laini ikiwa hewani, kwa hiyo iwashwe Jumatatu tarehe 21. Tuseme mtoa huduma amekwambia anahitaji siku 15 za kazi tangu apate kibali cha mwenye jengo. Hizo ni wiki tatu, kwa hiyo kibali kiwe mkononi mwake Jumatatu tarehe 31 Agosti. Mpe meneja wa jengo wiki mbili za kujibu, na barua yako inatakiwa iwe mezani kwake tarehe 17 Agosti. Ukaguzi wa mafundi ufanyike kabla ya hapo, kwa sababu barua lazima ieleze waya unapita wapi na ukuta gani unatobolewa. Ukikuta mtoa huduma wako anataka siku 30, umegundua Julai badala ya Septemba, na bado unaweza kubadili mpango.

Hatua hizo zinapunguza uwezekano, haziufuti. Ndiyo maana kuna safu ya dalili. Dalili ni jambo linaloonekana kwa macho, lenye tarehe, linalomlazimu mmiliki kuamua. Hapa ningeandika: "Kufikia Ijumaa tarehe 11 Septemba waya haujafika kwenye chumba chetu." Siyo "mtoa huduma anachelewa", kwa sababu mtoa huduma atakwambia mafundi wako njiani mpaka Jumamosi ya kuhama. Waya uko chumbani au haupo, nenda ukautazame mwenyewe.

Ukiwa haupo, siku hiyohiyo mpango mbadala unaanza: ruta mbili za 4G zenye laini za mitandao miwili tofauti. Zijaribiwe kwenye ghorofa yenu, ndani ya vyumba vya katikati milango ikiwa imefungwa, saa nne asubuhi siku ya kazi. Ukijaribu Jumapili dirishani utafurahi bure. Ruta hizo hazitawabeba watu 40 kwa raha, kwa hiyo andika kabisa nani anaunganishwa: uhasibu, mauzo na mapokezi. Wengine wafanyie kazi nyumbani hadi laini iwake. Uamuzi huo ukifanywa Septemba 11 hauumizi. Ukifanywa asubuhi ya tarehe 28, kila mtu ameshafika na anataka kuwa wa kwanza.

Alama ya intaneti leo ni 3 kwa 3, yaani 9. Usiipunguze kwa sababu umeandika hatua nzuri. Ipunguze pale kibali kinapotoka, na tena waya unapofika. Rejista ambayo alama zake zimeshuka kwa maandishi tu inamdanganya bosi wako, na ni yeye atakayewaahidi wateja kuwa Jumatatu mko kazini.

Kwenye seva, sentensi ya watu wengi ni "seva kuharibika njiani", na hatua ni "kufanya nakala rudufu". Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa haihesabiki kuwa hatua. Mtu wa TEHAMA achague folda ya mishahara ya mwezi uliopita, airejeshe kwenye kompyuta nyingine, na mhasibu, siyo yeye, aifungue na kuthibitisha kuwa hesabu ziko sawa. Hiyo ndiyo hatua, na iwe imekamilika wiki mbili kabla ya kuhama ili pawepo na muda wa kurekebisha kitakachogundulika. Siku yenyewe diski ya nakala isafiri kwenye gari tofauti na seva.

Mafaili ya karatasi ya wafanyakazi nayo yasiende na lori la mizigo. Yana vyeti, akaunti za benki na pengine taarifa za afya, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kuyapoteza si aibu ya ofisi tu. Masanduku yapewe namba, yafungwe kwa lakiri, yahesabiwe yakitoka na yakifika, na ofisa rasilimali watu apande gari lilelile.

Umeme, lifti ya mizigo, bima ya mali ikiwa safarini na saa ambazo majengo yote mawili yanaruhusu kushusha vitu utaviandika kwa namna ileile. Swali la kuuliza kila mara ni: nani anatoa ruhusa, na anahitaji siku ngapi?

Turudi kwenye namba 1. Dawa yake ni kuomba nyongeza ya wiki mbili kwenye pango la Posta, na iombwe sasa, kabla mwenye jengo hajampata mpangaji mwingine. Mpelekee bosi namba mbili: kodi ya nusu mwezi, na kiasi cha amana mnachoweza kukatwa mkikabidhi ofisi ikiwa nusu imebomolewa, pamoja na mauzo ya siku moja ya kazi kusimama. Mara nyingi nusu mwezi huonekana ndogo namba hizo zikiwekwa pamoja. Akikataa, huo ni uamuzi wake halali. Uandike kwenye safu ya hali pamoja na tarehe, na uanze kung'oa patisheni za vyumba visivyotumika kuanzia wiki ya pili ya Septemba.

Pitieni rejista mara moja kwa wiki kwa dakika 20, mkianza na vihatarishi ambavyo safu ya siku zilizobaki inasoma 7 au pungufu. Wiki ya mwisho ipitiwe kila jioni. Na usiifunge tarehe 28. Kihatarishi cha amana kinabaki wazi hadi meneja wa jengo la zamani atakapotembea nawe chumba kwa chumba, mkapiga picha, akasaini hati ya makabidhiano, na pesa zikaingia benki.