Kumjibu mkaguzi pale akaunti ya wadaiwa inapokataa kulingana na orodha

Nyinyi mnaoanza kazi ya uhasibu huku kwetu Unguja na Pemba, kuna barua mtaiandika mapema kuliko mnavyodhani. Mkaguzi ameomba orodha ya wadaiwa hadi 31 Desemba, ameijumlisha, kisha amefungua leja kuu na kukuta akaunti ya udhibiti ya wadaiwa ina salio jingine. Anataka maelezo kwa maandishi. Majibu mengi niliyoyasoma yanasema tofauti "inaendelea kufuatiliwa". Jibu hilo linamwachia mkaguzi maswali yale yale aliyokuja nayo: kosa liko upande upi, lilianza lini, na je, kuna fedha iliyopotea?

Tuchukue kampuni inayosambaza vyakula na vinywaji, bohari yake Unguja, wateja wake ni hoteli za Nungwi na Paje pamoja na maduka ya Pemba. Tarehe 31 Desemba 2023 leja kuu inasema wateja wanadaiwa shilingi 148,720,000. Kadi za wateja, ukizijumlisha moja moja, zinatoa 144,920,000. Leja kuu imezidi kwa 3,800,000.

Aya ya kwanza ya barua iseme hayo tu: salio la huku, salio la kule, tofauti, na upande uliozidi. Upande uliozidi ndio unaomshughulisha mkaguzi zaidi. Leja kuu ndiyo inayoingia kwenye mizania, kwa hiyo ikizidi kimakosa, kampuni imeonyesha mali isiyokuwa nayo, na pengine faida pia.

Kisha eleza vipande, na kila kipande ukitaje kwa hati yake. Katika mfano wetu, cha kwanza ni katoni za juisi zilizovimba, zikarudishwa kwa boti kutoka Mkoani. Karani wa mauzo alimwandikia mteja hati ya kumpunguzia deni, 1,260,000, na kadi ya mteja ikapungua. Hati haikufika kwa anayeandika leja kuu. Hapa kadi ndiyo iliyo sahihi, na leja kuu ndiyo ya kurekebishwa: debiti marejesho ya mauzo, krediti akaunti ya udhibiti. Barua itaje namba ya hati, tarehe, na karatasi ya bohari iliyosainiwa mzigo uliporudi. Bila karatasi ya bohari, hati ya kupunguza deni ni karatasi tu ambayo mtu yeyote angeweza kuiandika ili kuficha fedha aliyopokea.

Cha pili kinawachanganya wengi. Hoteli kadhaa ziliandikiwa ankara kwa dola, na mwisho wa mwaka zilikuwa bado zinadaiwa dola 30,000. Kiwango cha kubadilisha fedha kilikuwa kimepanda kwa shilingi 60 kwa kila dola tangu ankara zilipoandikwa, na kanuni ya hesabu inataka deni la fedha za kigeni lithaminiwe upya kwa kiwango cha siku ya kufunga. Mhasibu aliandika jarida la 1,800,000 moja kwa moja kwenye leja kuu, lakini kadi za wateja hazikuguswa. Safari hii leja kuu ndiyo iliyo sahihi. Muelezeni mkaguzi wazi kwamba hoteli hazidaiwi hata senti moja zaidi ya dola zao, kilichobadilika ni thamani kwa shilingi. Mkisahau kusema hivyo, atapeleka barua ya kuthibitisha salio hotelini, hoteli itakana shilingi 1,800,000, na mtaanza upya.

Cha tatu kinavuta upande wa pili. Mtu ameweka 400,000 benki huko Chake Chake, hati ya benki ina namba ya simu tu, jina hakuna. Mshika fedha aliingiza fedha hiyo kwenye kitabu cha fedha na leja kuu ikapungua, ila hapakuwa na kadi ya kuipunguza. Msiifiche. Iwekeni kwenye orodha kama malipo yasiyojulikana mwenyewe, na orodha ipungue kwa 400,000.

Hapa muangalie jambo ambalo wakaguzi wazoefu wanalitafuta. Makosa mawili yanaongeza tofauti na moja linaipunguza. Mtu akiangalia tofauti ya mwisho pekee anaweza kuona ni ndogo akaiacha, kumbe chini yake makosa makubwa yanafutana. Kwa hiyo kila kipande kiandikwe kwa ukubwa wake kamili, msikate cha huku kwa cha kule.

Baada ya marekebisho leja kuu inasoma 147,460,000 na orodha 146,320,000. Imebaki 1,140,000 isiyo na maelezo, na hapa ndipo barua inapopimwa. Jaribuni kwanza njia za kawaida. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, huenda tarakimu zilipinduliwa, mfano 540 kuandikwa 450. Hii haigawanyiki. Nusu yake ni 570,000, na kama kiasi hicho kingeonekana kimeandikwa upande usio wake, kingeeleza yote, tafuteni. Njia hizi zinafaa pale kosa lililobaki ni moja tu, ndiyo maana tunaondoa kwanza yanayojulikana.

Zikishindikana, rudini nyuma mwezi kwa mwezi. Linganisheni orodha ya kila mwisho wa mwezi na leja kuu. Tuseme 31 Machi vilikuwa sawa, 30 Aprili vikapishana kwa 1,140,000, na kiasi hicho hakijasogea tangu hapo. Huo ni ushahidi mzito, kwa sababu mkaguzi hana tena haja ya kupekua mwaka mzima. Na kama Aprili ndio mwezi kampuni ilipohamia programu mpya ya hesabu, masalio yaliyohamishwa ndiyo ya kukaguliwa kwanza. Aya hiyo ningeiandika hivi:

"Kiasi cha Sh. 1,140,000 hatujakipatia maelezo. Kilijitokeza Aprili 2023, mwezi tuliohamishia masalio kwenye programu mpya, na hakijabadilika hadi 31 Desemba. Kwa kuwa leja kuu ndiyo iliyozidi, upo uwezekano kwamba wadaiwa wameonyeshwa zaidi kwa kiasi hicho. Hatujaandika jarida lolote la kukiondoa. Tunaambatisha orodha za miezi yote, vitabu vya stakabadhi na hati za benki za Aprili, na tunakubali mpeleke barua za uthibitisho kwa wateja mtakaowachagua, wawajibu nyinyi moja kwa moja."

Sentensi ya jarida ina uzito. Wapo watakaowashauri mkihamishie kiasi hicho kwenye akaunti ya muda, au mkifute kama deni lisilolipika. Kataeni. Deni lisilolipika lina mdaiwa mwenye jina, na hiki hakina. Kukifuta ni uamuzi wa bodi baada ya uchunguzi, na mkaguzi atakijumlisha na makosa mengine aliyoyakuta kabla ya kuamua kama hesabu zimepotoka.

Tajeni pia nani anapokea fedha na nani anaandika kadi. Ikiwa ni mtu mmoja, semeni. Mkaguzi anawaza uwezekano wa malipo ya mteja wa leo kutumika kuziba ya mteja wa jana yaliyochukuliwa, na atalinganisha tarehe ya kila stakabadhi na tarehe fedha ilipofika benki. Fanyeni ulinganisho huo nyinyi wenyewe kwa Aprili kabla ya kupeleka barua, muambatishe na matokeo.

Barua isainiwe na ofisa fedha, nakala kwa mkurugenzi, na iwe na tarehe ambayo kiasi kilichobaki kitatolewa taarifa tena. Jarida la juisi na marekebisho ya kadi za dola viingizwe kabla hesabu hazijafungwa, na namba zake ziandikwe pembeni ya kila kipande kwenye nakala ya mkaguzi.