Swali la vipeo kwenye picha: kanuni moja, mstari mmoja

Wewe unayeanza vipeo, ukitumiwa swali kwa picha ya simu usikimbilie kukokotoa. Linakili kwanza daftarini, kisha lilinganishe na picha alama kwa alama. Tuchukue hili:

```
( 8x^(-3) / (27y^6) )^(-2/3)
```

Kuza picha pale penye kipeo cha nje. Kistari cha hasi mbele ya 2/3 ni kidogo, na picha ikiwa na ukungu hicho ndicho hupotea kwanza. Kikipotea, jibu lote linapinduka. Tazama pia mabano yanafungwa wapi: hapa yamebeba sehemu nzima, kwa hiyo −2/3 inakigusa kila kilichomo, 8 na 27 zikiwemo.

Mimi huanza na hasi ya nje. Kipeo hasi hakiifanyi namba kuwa hasi, kinaipindua tu: cha juu kinashuka, cha chini kinapanda, na alama ya hasi inaondoka.

```
( 27y^6 / (8x^(-3)) )^(2/3)
```

Bado kuna hasi ndani, juu ya x. Hapa ndipo wengi huteleza, wanaipandisha 8 pamoja na x. Kipeo −3 kimekaa juu ya x peke yake, 8 haimo. Basi x inapanda ikiwa na kipeo 3, na 8 inabaki ilipo:

```
( 27x^3y^6 / 8 )^(2/3)
```

Sasa 2/3. Namba ya chini, 3, inadai kipeuo cha tatu. Ya juu, 2, inadai kipeo cha pili. Ukianza na yoyote utafika palepale, ila kipeuo kwanza kinakupa namba ndogo: 27 inakuwa 3, wakati ukianza na kipeo cha pili utakuwa unatafuta kipeuo cha tatu cha 729. Kwenye herufi, gawanya vipeo kwa 3. Kwenye 27 na 8 usigawanye. Ukiona 9 mahali pa 3, ujue umegawanya namba yenyewe badala ya kutafuta kipeuo chake.

```
( 3xy^2 / 2 )^2 = 9x^2y^4 / 4
```

Hakiki kwa kuweka namba, lakini usiweke 1, kwa sababu 1 ikipewa kipeo chochote hubaki 1 na kosa la kipeo halitaonekana. Weka x = 2 na y = 2 kwenye swali la awali. Juu, 8 mara 1/8 ni 1. Chini, 27 mara 64 ni 1728. Pindua, upate 1728. Kipeuo chake cha tatu ni 12, na 12 kwa kipeo cha pili ni 144. Kwenye jibu: 9 mara 4 mara 16, gawanya kwa 4, ni 144. Zikitofautiana, rudi mstari mmoja mmoja ukiweka 2 zilezile. Mstari wa kwanza usiotoa 144 ndio wenye kosa.

Andika pia kwamba x na y si sifuri, kwa kuwa x ikiwa sifuri x^(-3) haina thamani, na y ikiwa sifuri tunagawanya kwa sifuri.