Namba ya duka usiiskani

*"Habari zenu. Nina duka la viatu vya watoto hapa Nakuru. Nimepata programu inayofolo na kulaiki yenyewe Instagram, na inatuma meseji za WhatsApp kwa wingi. Nifolo wangapi kwa siku, nilaiki ngapi na nitume meseji ngapi nisifungiwe? Namba ninazo kama elfu moja na mia mbili, nyingi ni za watu walionilipa kwa M-Pesa. Nataka kuanza Ijumaa."*

Ijumaa usianze. Jumamosi pia usianze. Hilo la "ngapi kwa siku" niliuliza mimi kabla yako, na jamaa aliyeniuzia programu akanijibu bila kupepesa macho: mia mbili asubuhi, mia mbili jioni, acha sekunde chache kati ya meseji na meseji, hakuna atakayekugusa. Nilimwamini kwa sababu alikuwa na kompyuta mbili mezani. Cheka tu, nimeshazoea.

Nauza mitumba ya watoto hapa Kibuye, Kisumu. Namba yangu imeandikwa kwa rangi kwenye ubao wa kibanda, imechapwa kwenye mifuko, iko kwenye simu za akina mama kuanzia Ahero mpaka Luanda wanaonitumia picha ya mtoto na kuuliza kama hiyo gauni itamtosha. Namba hiyo hiyo ndiyo niliyoitia kwenye programu. Laini nyingine nilikuwa nayo kabisa, imelala tu kwenye droo. Lakini jamaa akasema laini mpya hushukiwa haraka, tumia ya zamani, ile ina heshima. Kwamba laini mpya hushukiwa ni kweli. Hilo la heshima ndilo lililonimaliza.

Hizi programu, dadangu, karibu zote hufanya kazi moja hata zikibadilisha jina na rangi. Inafungua WhatsApp Web kwenye kompyuta, unaskani msimbo wa QR kwa simu yako, unaipa faili ya Excel yenye namba, halafu inafungua mazungumzo moja baada ya jingine, inabandika maneno yale yale na kutuma. Ya kwangu ilikuwa na ujanja wa kuweka jina la mteja mwanzoni, kila mtu ajione ameandikiwa yeye. Jina ilikuwa inalitoa vile nilivyoliandika kwenye simu. Kwa hiyo kuna mtu alipokea "Habari Fundi Choo, balo mpya imefunguliwa." Mwingine akapata "Habari Deni Sweta." Huyo wa deni alijibu, tena kwa kirefu, na deni hajalipa hadi leo.

Sasa tuje mahali nilipoungua. Mtu aliyekununulia kiatu mara moja mwaka juzi hana namba yako. Meseji yako ikimfikia, WhatsApp inamwonyesha kwamba anayeandika hayumo kwenye simu yake, na inamwekea pale pale njia ya kukuzuia au kukuripoti. Hahitaji kukuchukia. Anabonyeza tu akiwa kwenye matatu ili simu itulie. Wachache wakifanya hivyo huenda usione kitu, lakini ukiwaandikia mamia ya watu wasiokujua kwa asubuhi moja, wanaobonyeza wanarundikana kwa saa zile zile, na hiyo ndiyo picha ambayo mfumo unaitafuta.

Jamaa alikuwa na jibu la hilo pia. Eti meseji za WhatsApp zimefungwa kwa msimbo mwanzo hadi mwisho, kampuni haiwezi kuzisoma, basi watajuaje? Nikaona huyu amesoma. Kumbe mtu akikuripoti, WhatsApp hupokea meseji tano za mwisho ulizomtumia. Na hata asiporipoti mtu, hawana haja ya kusoma ulichoandika. Mwaka 2019 walitoa waraka wakieleza wanavyokamata watumaji wa wingi, na walisema wakati huo walikuwa wakifungia akaunti zaidi ya milioni mbili kila mwezi, na zaidi ya asilimia 75 ya hizo hazikuwa zimeripotiwa na mtu karibuni. Wanaangalia mwendo. Namba imesajiliwa lini, imeanza kuandikia watu wangapi wapya, kwa kasi gani, wangapi wanajibu. Wanaangalia hata ile alama ya "anaandika": mtu akichapa kwa kidole, upande wa pili huonekana anaandika. Meseji ndefu zinazotoka moja baada ya nyingine bila alama hiyo hata mara moja ni dalili ya mashine.

Kwa hiyo zile sekunde chache za mapumziko hazikunisaidia kitu. Zinapunguza kasi, ndiyo. Hazibadilishi ukweli kwamba watu wote wale ni wageni kwako, maneno ni yale yale, na karibu hakuna anayejibu.

Nilikuwa napanga balo pale kibandani simu ilipoandika This account is not allowed to use WhatsApp. Nikadhani ni bando. Nikanunua bando! Chini yake kuna kitufe cha kuomba wakague upya, nikakibonyeza, nikajieleza kwa adabu zote ambazo mamangu alinifunza. Jibu likarudi kwamba uamuzi umebaki. Laini yenyewe inafanya kazi, M-Pesa inaingia, mtu akipiga napokea. Lakini mazungumzo yote ya wateja, grupu ya akina mama wa Nyalenda, picha za saizi, oda za sikukuu, vyote viko nyuma ya mlango ambao siwezi kuufungua. Mteja akiniandikia kwa namba ya ubaoni anaona nimenyamaza tu, anadhani nina madharau. Nimemlipa fundi rangi afute ubao, na mifuko iliyobaki nimeipiga stika juu ya namba. Watoto wa jirani wanaibandua waone kuna nini chini.

Na nikampigia jamaa. Unajua alichosema? "Soma masharti ya programu." Kweli nikasoma, kwa mara ya kwanza, na mle chini kwa herufi za kusoma kwa tochi wameandika kwamba akaunti ikifungiwa wao hawahusiki. Akaongeza kwamba angeniuzia nyingine, hii sasa "haigunduliki". Nikatia laini ile ya droo, nikidhani tatizo lilikuwa programu. Ikakatwa upesi kuliko ya kwanza, maana hiyo haikuwa na mteja hata mmoja aliyeihifadhi.

Masharti ya WhatsApp yenyewe ningeyasoma kwa muda wa kunywa chai. Ingia Settings, kisha Help, utayaona hapo. Tafuta sehemu ya Acceptable Use of Our Services, na ndani yake maneno bulk messaging na auto-messaging. Yametajwa waziwazi kwamba hayaruhusiwi. Hawakuandika hamsini wala mia mbili, kwa hiyo anayekutajia namba salama ameitoa kichwani mwake. Na usitafute njia ya mkato kwa zile WhatsApp za kupakua pembeni kama GB. Hizo huleta kifungo cha muda chenye saa inayohesabu kurudi nyuma, na ukiendelea nazo kinaweza kuwa cha kudumu.

Kanuni yangu ni moja, na nimeilipia: meseji ya kwanza itoke kwa mteja. Asipokuandikia yeye kwanza, usimwandikie, hata kama alikulipa jana.

Mimi sasa, kwa laini nyingine mpya, nafanya hivi. Kwenye Instagram, kwenye stika za mifuko na kwenye karatasi ninayotia ndani ya kila mfuko, nimeweka kiungo kinachofungua WhatsApp kikiwa na maneno tayari:

```
https://wa.me/2547XXXXXXXX?text=Nataka%20orodha
```

Namba inaanza na 254, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiitia hiyo sifuri kimakosa kiungo hakifunguki. Mteja anabonyeza, anatuma "Nataka orodha", basi mazungumzo ameyaanzisha yeye. Namjibu kwa mkono na kumwomba ahifadhi namba yangu ili apate picha za balo ikifunguliwa. Akihifadhi, namtia kwenye orodha ya kutangazia iliyo ndani ya WhatsApp yenyewe. Orodha moja inabeba watu 256, na meseji inamfikia tu aliyehifadhi namba yako. Zamani niliona huo ni usumbufu. Sasa ndicho kipimo changu: ambaye tangazo halimfikii, hakuwa mteja wa kutangaziwa.

Inaenda polepole mno. Katika namba zako elfu moja na mia mbili, jiandae kupata sehemu ndogo. Lakini hao wanajibu, na ni majibu yanayouza kiatu. Kuna pia huduma rasmi ya WhatsApp ya kulipia, ya biashara kubwa, ambapo unatuma maneno yaliyoidhinishwa kwanza. Hata huko lazima mtu awe amekubali kupokea. Kwa hiyo usidhani pesa inanunua ruhusa ya kuandikia wageni.

Hizo namba za M-Pesa nazo ziache zilipo. Mtu alikupa namba ili alipe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 37, inataka idhini yake ya wazi kabla hujaitumia data yake kwa biashara. Jamaa wangu hakuwahi kuitaja. Sidhani anajua ipo, na kama anajua basi ana roho ngumu.

Instagram sijui niseme nini, mimi huko napandisha picha tu. Ninachojua ni kwamba ukiipa programu neno lako la siri, unaipa duka zima, na wao pia wanakataza likes na wafuasi wa kubandika. Huko ukiona Try Again Later kila ukifolo mtu, umeshaonekana. Hebu turudi kwa WhatsApp, maana ndiyo inayokupa mkate.

Uliposema umeipata programu, umeshaiskani? Kama bado, iache hivyo. Kama tayari, fungua WhatsApp kwenye simu, nenda Linked devices, bonyeza kila kompyuta usiyoijua kisha Log out. Halafu futa programu yenyewe, hata kama imekaa ndani ya Chrome, na lile faili la namba lifute pia kwenye kompyuta ya huyo aliyekuwekea. Fanya leo usiku, kwa sababu nyingine zina ratiba na zitaanza Ijumaa zenyewe hata ukiwa umelala.