Bei au siku za malipo: pima kwa alama kwanza

"Hoteli inataka yai kwa shilingi 380, mimi nataka 400, na wanalipa baada ya siku 45. Tugawane katikati?"

Bado, ndugu. Jipe alama 20 kwa kupata 400, na 50 kwa kulipwa siku ya 7, maana chakula cha kuku unanunua taslimu. Kwao kisia alama 60 kwa bei ya 380, na 20 kwa kulipa siku ya 45. Mkigawana yote katikati, kila upande unapata nusu ya alama zake: wewe 35, wao 40. Ukiwaachia bei wakakulipa siku ya 7, wewe 50, wao 60.

Kisio lijaribu: wape ofa mbili pamoja, 380 siku ya 7 au 400 siku ya 22. Kwako zote ni kama alama 50, maana siku ya 22 inakupa kama 30 kati ya zile 50 za muda, ukijumlisha 20 za bei. Wakichagua ya kwanza, bei ndiyo inayowauma. Ila usikubali bei peke yake mapema, utakosa cha kubadilishana.